Nikiongea na laini moja, wateja wa laini ya pili wanaambiwa sipatikani. Nifanyeje na simu ni moja?

MamaVifaranga_Njoro

Habari zenu wadau. Nina duka dogo la pembejeo hapa Njoro. Nauza chakula cha mifugo na dawa za mimea, na huchukua oda za vifaranga. Simu yangu ni moja yenye laini mbili. Ya kwanza ninayo tangu 2009, ndiyo ya M-Pesa, ya familia na ya wanaoniletea bidhaa. Ya pili niliinunua kwa ajili ya wateja. Ndiyo iliyoandikwa kwenye bango la duka, na intaneti natumia hiyo kwa sababu bando zake zinanitosha. Nitaziita A na B tusije tukachanganyikiwa.

Jumanne iliyopita nilikuwa naongea na mtu wa vifaranga kwa laini A. Mazungumzo yalifika dakika arobaini hivi kwa sababu tulikuwa tunabishana tarehe ya kuleta. Wakati huo huo mzee mmoja wa Mau Narok alikuwa ananipigia kwa B. Alipiga mara nne, na kila mara aliambiwa mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa. Alitaka vifaranga 200. Akaenda kuvitafuta mjini Nakuru. Mimi nilikuja kujua siku mbili baadaye alipopita dukani kununua dawa ya minyoo, na aliniuliza kwa upole kabisa kama nilifunga ile namba.

Kilichonishangaza ni kwamba simu ilikuwa mkononi mwangu, imewaka, na mtandao umejaa laini zote mbili. Hata alama ya kuonyesha nimepigiwa haikubaki. Nimeona pia kwamba nikiongea na A, picha za WhatsApp kutoka kwa wakulima hazifunguki mpaka nikate.

Kwenye mipangilio ya laini, `Calls` iko A, `Messages` iko A, `Mobile data` iko B. Nimekosea wapi?

Otis_Kibuye

Pole sana mama. Hiyo si simu yako, ni `Call waiting` haijawashwa. Ingia kwenye mipangilio ya kupiga simu, uiwashe laini zote mbili. Mimi nauza samaki hapa Kibuye, Kisumu, na nilifanya hivyo. Sasa nikiongea na mtu, mwingine akipiga nasikia mlio sikioni, namwambia huyu wa kwanza asubiri. Pia zima simu uiwashe tena, wakati mwingine mtandao hulala.

MamaVifaranga_Njoro

Asante ndugu. Nimefanya vyote viwili. Nimempa binti yangu simu yake anipigie kwa B nikiongea na dadangu kwa A. Bado anaambiwa sipatikani. Lakini akipiga kwa A nasikia huo mlio unaosema.

FundiKondele

Mama, jaribio lako ni zuri, na jibu limo ndani yake. Otis hajakosea, ila dawa yake inatibu nusu ya ugonjwa. `Call waiting` ni ya mtu wa pili anayepiga laini ile ile unayoongelea. Otis, nadhani wateja wako wote wanapiga laini moja.

Simu yako ina nafasi mbili za laini lakini ndani yake kuna redio moja inayozungumza na mnara. Ukiwa umeiweka tu mfukoni, redio hiyo inagawa muda wake. Inasikiliza mnara wa A kidogo, inarudi kusikiliza wa B, kwa kasi ambayo huwezi kuiona. Ndiyo maana alama za mtandao zimejaa pande zote mbili na simu ya yeyote inaingia. Ukipokea au ukipiga kwa A, redio yote inahamia A mpaka ukate. B inabaki kama mtu aliyetoka nje ya chumba. Mzee wa Mau Narok alipopiga, mnara wa B uliita simu yako, ukaita tena, haukujibiwa, ukamwambia hupatikani. Simu yako haikusikia ikiitwa, ndiyo maana hakukuwa na alama yoyote.

Wala haijaharibika. Simu nyingi tunazonunua za laini mbili ziko hivyo. Ziko chache za bei ya juu zenye uwezo wa kushika laini zote mbili wakati mmoja, lakini maneno ya `Dual SIM` kwenye boksi hayakuhakikishii hilo.

Intaneti yako inakatika kwa sababu hiyo hiyo. Data iko B, na redio imekwenda A.

Chebet.N

Kumbe! Mimi nimekuwa nikimlaumu mume wangu kwamba anazima simu akiwa kazini. Ana laini ya kazi na yetu ya nyumbani kwenye simu moja. Leo jioni nitamwomba msamaha.

Mzee_wa_Lurambi

Naomba kuuliza. Mimi nina laini mbili na WhatsApp yangu iko kwa namba ya kwanza. Nikihamisha data kwenda laini ya pili, watu wataniona kwa namba gani? Mjukuu aliniambia nitapoteza vikundi vyote.

FundiKondele

Mzee, shikamoo. Hutapoteza kitu. WhatsApp inashikilia namba uliyojiandikisha nayo. Laini ya data ni barabara tu ya kupitia, hata ukipitia waifai ya jirani namba yako ni ile ile. Ukihamisha data na ikakuuliza kubadilisha namba, kataa. Na tangu mwishoni mwa 2023 simu za Android zinaweza kuwa na akaunti mbili za WhatsApp, moja kwa kila namba, kama ungetaka kutenganisha kanisa na familia.

Mama, turudi kwako. Iko njia moja isiyohitaji simu mpya. Tutaiambia laini B hivi: mtu akinipigia na mnara usinipate, mpeleke kwa A. A ndiyo unayoongelea, na `Call waiting` ya A umeshaiwasha, kwa hiyo utasikia mlio wa huyo mtu hapo hapo sikioni. Vyote viwili lazima viwepo. Kimoja peke yake hakifanyi kazi.

Kwanza piga hii kwa laini B uone hali ilivyo sasa:

```
*#62#
```

Ikikuonyesha namba usiyoijua, usishtuke. Mara nyingi ni namba ya mtandao wenyewe, ile inayokuletea ujumbe kwamba ulipigiwa ukiwa hupatikani. Iandike kwenye daftari, kwa sababu ukiweka namba yako mahali pake, ujumbe huo unaweza kukoma kuja. Kisha, bado kwa laini B, piga hii ukiweka namba kamili ya A mahali pa herufi X:

```
**62*+254XXXXXXXXX#
```

Kuiondoa ni `##62#`, kwa B pia. Weka kredo kidogo kwenye B kabla ya kujaribu, nitakueleza kwa nini.

Chebet.N

Samahani kuingilia. Mambo haya ya kupiga nyota nyota yananitia wasiwasi. Jirani yangu hapa Section 58 alipigiwa na mtu akamwambia apige namba yenye nyota ili apokee zawadi. Simu zake zote zikaanza kwenda kwa huyo mtu, na WhatsApp yake ikachukuliwa. Mama asiharakishe.

FundiKondele

Chebet, umesema jambo la maana na nimefurahi umelisema. Kinachomlinda mtu ni namba anayoweka mwishoni. Hapa mama anaweka namba yake mwenyewe. Walaghai hutumia 21 badala ya 62, na 21 ni kupeleka simu zote, hata ukiwa unapatikana. Halafu wanaiomba WhatsApp ikupigie kukusomea namba ya siri, na simu hiyo inaingia kwao. Mtu yeyote asikupe nyota nyota yenye namba yake, hata awe na sauti nzuri kiasi gani. Jirani yako apige `*#21#` aone kama bado imewashwa, na `##21#` kuifuta.

MamaVifaranga_Njoro

Nimepiga ya kwanza, imeniambia haijaelekezwa. Ya pili nimeandika namba yangu ya A vizuri, nimeangalia mara mbili. Imeniletea `Connection problem or invalid MMI code`. Nimerudia mara tatu, ni hivyo hivyo.

FundiKondele

Mama, umepiga kwa laini gani? Kwenye ujumbe wako wa kwanza ulisema `Calls` iko A. Ikiwa iko hivyo, kila unachobonyeza kwenye kitufe cha kijani kinatoka kwa A bila kukuuliza, pamoja na nyota nyota. Naona umeiambia A ijipeleke kwa A, ndiyo maana inakataa. Na ile `*#62#` pia ilikuonyesha hali ya A, si ya B.

Nenda kwenye mipangilio ya laini, mahali pa `Calls`, uchague `Ask every time`. Simu nyingine huandika `Always ask`. Sasa kila ukipiga utaonyeshwa laini zote mbili uchague. Rudia hatua zote mbili, mara hii ukigusa B.

Mimi humshauri mwenye biashara aiache hivyo hata baada ya kazi hii. Kugusa mara moja zaidi si kitu ukilinganisha na kumpigia mteja kwa namba asiyoijua. Tena namba za huduma sasa zinafanana mitandao tofauti. `*144#` ya kuangalia salio, `*544#` ya bando, `*334#` ya pesa. Bila kuulizwa laini, unafungua menyu ya mtandao usioutaka na unaweza kununua bando mahali ambapo hutaitumia.

Otis_Kibuye

Hapo kwenye bando umenigusa fundi. Nimewahi kununua bando ya wiki nzima kwenye laini isiyo ya data nikadhani nimeibiwa. Nilibishana na mhudumu nusu saa.

MamaVifaranga_Njoro

Nimeweka `Ask every time`. Kwa B, `*#62#` imenionyesha namba nisiyoijua, nimeiandika kwenye daftari la duka. Kisha nimepiga ile ndefu kwa B, imekubali. Nimejaribu tena na binti yangu. Mara hii haambiwi sipatikani. Anakaa kimya kidogo, halafu anasikia mlio wa simu inayotumika. Lakini mimi sikioni sisikii chochote. Je, tumeharibu?

FundiKondele

Hatujaharibu, tumesogea. Sikiliza anachoambiwa anayepiga, hicho ndicho kipimo chako. Akiambiwa hupatikani, simu yake imefia kwa B na haikuelekezwa. Akisikia inatumika, imefika kwa A ikakuta umeshika mazungumzo na hakuna nafasi ya kusubiri. Kwa hiyo kuelekeza kumefanya kazi, na `Call waiting` ya A ndiyo haijashika. Hukuizima ulipokuwa ukibadilisha mipangilio?

Piga kwa A:

```
*#43#
```

Ikisema haijawashwa, piga `*43#` kwa A hiyo hiyo.

MamaVifaranga_Njoro

Ni kweli. Nilipokuwa natafuta ile `Calls` nilipita pale nikaizima bila kujua. Nimepiga `*43#`, nimejaribu tena. NIMESIKIA MLIO! Na kwenye skrini imetokea namba ya binti yangu, si namba ya B. Nimemwambia dadangu subiri, nimemjibu binti, nimerudi kwa dada. Fundi, Mungu akubariki.

FundiKondele

Amina. Sasa sikiliza mambo mawili kabla hujafurahi kabisa.

La kwanza ni kredo. Mteja akipiga B, analipia mpaka B. Kutoka B kwenda A unalipa wewe, kama vile B imempigia A, na mitandao hii yako ni miwili tofauti. Unalipa tu ukipokea, lakini ukikaa naye dakika kumi umelipia dakika kumi. Mpokee, mwambie nitakupigia sasa hivi, ukate. Kredo ya B ikiisha, simu hazielekezwi na unarudi kule kule kwa hupatikani. Kwa hiyo ukisikia tena mteja akilalamika, angalia salio la B kwanza.

La pili ni kile kimya alichokisikia binti. Mnara wa B lazima kwanza uite simu yako mpaka ukate tamaa, ndipo upeleke kwa A. Zinapita sekunde kadhaa, na mteja asiye na subira hukata. Sina dawa ya hilo.

Kwenye skrini hutaweza pia kujua kama aliyepiga alianzia B au A. Ukimpigia baadaye, chagua B ili aone namba anayoijua.

Wafula_Busia

Mimi nina swali langu tofauti kidogo. Niko Busia karibu na mpaka. Nyumbani kwangu laini moja hushika mnara wa Uganda, naona jina la mtandao limebadilika juu ya skrini. Hiyo ya kuelekeza itanisaidia? Kwa sababu simu zangu nazo hupotea.

FundiKondele

Wafula, usiweke kuelekeza kwanza. Ukiwa umeshikwa na mnara wa nje unaweza kutozwa gharama za nje, na simu ikielekezwa kutoka huko inakuwa juu ya juu. Ingia kwenye mipangilio ya laini hiyo, `Mobile network`, kisha mahali pa kuchagua mtandao, zima ile ya `Automatically select network`, subiri orodha itokee, uchague mtandao wako wa Kenya kwa mkono. Zima pia `Roaming` ya laini hiyo. Ubaya wake ni kwamba pale ambapo mnara wa Kenya haufiki utabaki bila mtandao kabisa. Fanya laini moja tu, ile inayoruka, uone kwa wiki.

Wafula_Busia

Nimefanya. Sebuleni iko sawa. Chumbani imesema hakuna huduma. Nitaangalia.

Mzee_wa_Lurambi

Fundi, na pesa? Mimi mara nyingi mtu anasema ametuma kwa M-Pesa na ujumbe hauji mpaka nimalize kuongea. Ni hii hii redio?

FundiKondele

Ni hii hii mzee, ikiwa M-Pesa iko kwenye laini moja nawe unaongea na nyingine. Ujumbe haupotei. Mtandao unauhifadhi na kujaribu tena, lakini si lazima uje sekunde ile unayokata simu. Unaweza kuchukua dakika kadhaa. Kuelekeza simu hakusaidii hapa, kwa sababu kunahamisha sauti peke yake, ujumbe hauhami.

Hapa wauzaji mwe makini. Mteja anasimama mbele yako, unaongea na simu, anakuonyesha skrini yake imeandikwa ametuma. Huwezi kuhakikisha kwa sababu laini ya pesa iko nje. Mwambie asubiri, kata mazungumzo, angalia salio kwa `*334#` ukichagua laini ya pesa. Mteja wa kweli atangoja dakika moja.

MamaVifaranga_Njoro

Kwangu M-Pesa iko A, kwa hiyo shida inakuja nikiongea na wateja kwa B. Asante mzee kwa kuuliza, sikuwa nimefikiria hilo.

Fundi, bado data. Wakulima wananitumia picha za majani yenye madoa au za kuku waliolegea. Mara nyingi niko kwenye simu na mtu mwingine, na ningependa kuiona picha nikiongea. Nifanyeje?

Otis_Kibuye

Weka simu kwenye 3G badala ya 4G. Mimi niliambiwa hivyo na data haikatiki nikiongea.

FundiKondele

Otis, tena umeshika nusu. 3G inaweza kubeba sauti na data pamoja, lakini za laini ile ile. Kwako data na mazungumzo yako laini moja, ndiyo maana ilisaidia. Mama ana data B na anaongea A, hata aweke nini haitasaidia. Na siku hizi ni afadhali kuacha 4G na kuwasha `VoLTE` ya laini unayoongelea, kama mtandao na simu yako vinaikubali. Sauti inapita kwenye 4G yenyewe na data ya laini hiyo inaendelea bila kushuka kasi.

Mama, una njia mbili. Simu nyingi mpya zina kitufe karibu na `Mobile data`, kinaitwa `Data during calls`, au `Auto data switching`, jina linategemea kampuni. Ukikiwasha, ukiongea na A simu inaazima data ya A kwa muda, ukikata inarudi B. Tatizo ni kwamba A haina bando. Intaneti isiyo na bando inakula kredo, na dakika arobaini za mazungumzo huku WhatsApp ikipakua video za vikundi zinaweza kumaliza kredo yako yote bila wewe kuona. Ukikiwasha, nunua bando ndogo ya A kwanza, na uzime WhatsApp kupakua video yenyewe kwenye data.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Andika kwa siku tatu unaongea dakika ngapi kwa kila laini. Fungua orodha ya simu ulizopiga na kupokea, muda umeandikwa. Data ikae kwenye laini unayoongelea zaidi.

MamaVifaranga_Njoro

Si lazima nisubiri, orodha ninayo hapa. Nimejumlisha Jumatatu mpaka Jumatano. A nimeongea saa 3 na dakika 10 hivi. B ni dakika 52. Sikujua! Nilidhani wateja ndio wanaonimaliza. Wateja wanaongea kifupi, dakika moja, mbili, wanauliza bei wanakata. Wanaonichukua muda ni wasambazaji na ndugu.

FundiKondele

Umeona sasa. Data yako imekaa kwenye laini inayozimwa saa tatu kati ya saa nne za mazungumzo. Ihamishie A na huhitaji kitufe chochote. Ukiongea na mteja kwa B data itakatika, lakini ni dakika moja, mbili, kisha inarudi.

Akinyi_Kakamega

Nimesoma uzi wote na naheshimu kazi ya fundi, lakini mimi naona mnamzungusha mama. Kwa biashara, anunue simu ya kubofya aweke B ndani. Betri inakaa siku nyingi, msichana wa dukani anaweza kuipokea mama akienda mjini, na hakuna nyota wala kulipia simu za kuelekezwa. Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Kakamega, nilihangaika na laini mbili mwaka mzima kabla ya kufanya hivyo. Sijajuta.

FundiKondele

Akinyi, sikupingi. Kama kuna mtu wa kuipokea dukani, simu ya pili inashinda. Kama mama yuko peke yake na anatembelea wakulima, simu mbili mfukoni moja huachwa nyumbani, nimeona sana. Na bado hawezi kupokea zote mbili kwa sikio moja.

Akinyi_Kakamega

Lakini angalau ile ya pili italia na namba ya mteja itabaki kwenye skrini. Hilo peke yake lingeokoa vifaranga 200.

Chebet.N

Simu ya mume wangu ni ya Samsung na nimekuta ndani ya `SIM card manager` kitu kinaitwa `Dual SIM always on`. Kiliomba namba zote mbili kisha kikasema gharama za ziada zinaweza kuwepo. Nimekiwasha, nimejaribu, naye amesikia mlio. Ni kitu kile kile?

FundiKondele

Ndicho kile kile dada. Simu inakupigia nyota nyota hizo yenyewe, kutoka A kwenda B na kutoka B kwenda A. Ile gharama wanayoonya ndiyo niliyomweleza mama. Akibadilisha laini moja siku moja, akizime kwanza, la sivyo simu zitaendelea kwenda kwa namba ya zamani ambayo huenda ina mwenyewe mwingine.

MamaVifaranga_Njoro

Ninarudi baada ya siku tisa kuwaambia yaliyotokea.

Data nimeihamishia A. Picha sasa zinafunguka nikiongea na wasambazaji. Jana mama mmoja wa Mauche alinitumia picha ya kinyesi cha kuku chenye damu nikiwa kwenye simu na mtu mwingine, nikaiona hapo hapo na kumpigia mara nilipokata.

Simu za kuelekezwa nimehesabu kumi na moja. Saba nilizipokea nikasema nitakupigia. Nne walikata kabla sijabonyeza, lakini namba zilibaki kwenye skrini na niliwapigia kwa B. Siku ya tano simu ziliacha kuja. Nikakumbuka salio, nikaangalia, kredo ya B ilikuwa imeisha kabisa. Niliweka, nikajaribu na binti, ikarudi.

Lililonisumbua ni hili. Kwenye B nilikuwa na dakika za bando za kupiga mitandao yote, lakini simu zilizoelekezwa zilikatwa kwenye kredo ya kawaida, dakika za bando hazikuguswa. Nimemuuliza mhudumu, akasema zinapaswa kutumika. Nikamuuliza mwingine, akasema hazitumiki. Kuna aliyefanikiwa kuelekeza kwa dakika za bando?

Otis_Kibuye

Mimi nimeweka kama wewe tangu Jumamosi, kwangu pia zinakula kredo.

FundiKondele

Kwa wateja wangu nimeona kredo tu, lakini bando ziko za aina nyingi. Jaribu hivi: andika salio la dakika na la kredo, binti apige B ukiwa kwenye A, ongea naye dakika mbili kamili, kisha angalia tena `*144#` kwa B. Ukituwekea hapa aina ya bando na matokeo, wengine watajua.

MamaVifaranga_Njoro

Nitafanya kesho asubuhi kabla ya kufungua duka. Na yule mzee wa Mau Narok nimempigia mwenyewe, kwa B. Ameweka oda ya vifaranga 150 vya mwezi ujao.